Bajeti moja, koperative tatu: kila mstari uwe na mwenyewe

Ndugu wakulima, baba na mama, koperative zikiungana kuomba makuta kwa mfadhili mmoja, kila moja inaleta karatasi yake. Kuzibandika pamoja haitoshi. Tuchukue mfano wa koperative tatu, ya Ankoro, ya Manono na ya Kalemie, zinazotaka kufundisha wanachama kuchagua mbegu za mahindi. Hesabu hizi ni za mfano tu.

Kila koperative ina watu 30 kwa siku 3, ni kusema siku 90 za posho. Ankoro imeandika dola 10 kwa siku, Manono 15, Kalemie 20. Mfadhili atauliza mara moja: kwa nini kazi moja ina malipo matatu? Posho tunaipanga siye wenyewe, kwa hiyo tukae, tukubaliane kiwango kimoja. Tukisema dola 12, siku 270 zinatoa dola 3.240.

Franka nayo ni vile vile. Ankoro imeandika franka 2.800.000. Ukigawanya kwa 2.800 unapata dola 1.000, lakini ukigawanya kwa 2.500 unapata 1.120. Andikeni kiwango kimoja cha kubadilisha, pamoja na tarehe yake, juu ya karatasi, na wote wakifuate.

Lakini bei ya soko si lazima ilingane. Mzigo unaopanda boti ku Lualaba hadi Ankoro hauna bei moja na ule wa Kalemie penye bandari ya ziwa. Hapo acheni bei mbili, kila moja na mstari wake, na muweke karatasi ya bei ya muuzaji kama ushuhuda.

Sasa tuangalie mwenye mstari. Manono na Kalemie wote wameandika agronomu yule yule, dola 600 kila mmoja. Akilipwa na Manono, mstari ni wa Manono, na Kalemie inafuta wake. La sivyo mmeomba 1.200 kwa kazi ya 600.

Karatasi ya pamoja iwe na safu hizi: nambari, kitu, kipimo, hesabu yake, bei ya kimoja, jumla, na mwenye mstari. Mwenye mstari ni yule anayelipa na kutunza risiti. Msiandike "wote". Siku ya ukaguzi, "wote" hana risiti, mfadhili anaweza kuikataa gharama, na koperative iliyotia sahihi ya mkataba ndiyo inarudisha makuta.

Mbele ya kutuma, jumlisheni mara mbili: kwanza mistari yote, kisha sehemu ya kila koperative. Majibu mawili yakipishana, kuna mstari usio na mwenyewe, ao wenye wawili. Utafuteni hapo hapo, mbele ya mtu yeyote kutia sahihi.