Likizo wakati ripoti ya mfadhili inadaiwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 28 kwa kila mzunguko wa mwaka, sikukuu zilizomo zikihesabiwa. Hata hivyo, mwajiri ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu lini ichukuliwe, ili mradi isicheleweshwe kupita miezi iliyowekwa na sheria. Kwenye miradi ya wafadhili, mvutano huanzia hapo.

Tuchukue ofisa ufuatiliaji wa mradi wa kilimo. Robo ya mwaka inafungwa tarehe 30 Juni, na ripoti inatakiwa kumfikia mfadhili kabla ya tarehe 30 Julai. Anaomba siku 14 kuanzia 18 Julai. Bosi akiziona tarehe hizo tu, atakataa. Lakini tarehe 30 ni mwisho wa mlolongo: takwimu hukusanywa kutoka vijijini, huhakikiwa, jedwali la viashiria hufungwa, maelezo huandikwa, mhasibu huweka matumizi, kisha meneja hupitia.

Kazi inayomhitaji ofisa huyu mwenyewe ni uhakiki, kwa kuwa yeye ndiye anayejua takwimu zilipatikanaje. Kwa hiyo barua yake inasema hivi:

"Yah: Ombi la likizo ya mwaka. Naomba siku 14, kuanzia 18 hadi 31 Julai. Takwimu za wilaya zote zitanifikia tarehe 5, nitamaliza uhakiki tarehe 11, na jedwali la viashiria litafungwa tarehe 14. Mwenzangu wa mafunzo, ambaye ameridhia, atakaimu na kukamilisha maelezo. Rasimu itamfikia meneja tarehe 22, na ripoti itatumwa tarehe 28."

Siku mbili zilizobaki ni akiba, endapo mfadhili atarudisha swali au mtandao utakatika.

Mpango wa namna hii mara nyingi hukwama kwa kaimu. Jina lake limeandikwa, lakini hana ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa ripoti, au hajui faili lipi ndilo la mwisho. Kumpa nywila yako si suluhisho, maana kila atakachofanya kitasomeka kwa jina lako. Aombewe akaunti yake mapema. Kisha mpe jaribio: achukue ripoti ya robo iliyopita na afikie namba moja peke yake, akianzia kwenye madaftari ya mahudhurio. Tuseme madaftari yana wakulima 412 na ripoti ina 398. Asipoweza kueleza kwamba 14 walihudhuria mara mbili na wakahesabiwa mara moja, makabidhiano bado hayajakamilika. Maelezo hayo yaandikwe kando ya jedwali.

Takwimu za vijijini zisipofika tarehe 5, tarehe zote zinazofuata zitasogea. Barua iseme mapema nini kitafanyika: wilaya iliyochelewa itapigiwa simu tarehe 6, na ikifika tarehe 9 bila takwimu, meneja na mwombaji watakaa kuamua kama likizo isogezwe kwa wiki moja.