"Sijui bado" mbele ya padri

Peramiho, ambako Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianzisha misheni mwaka 1898, wachumba Wakatoliki hawafiki altareni kabla ya kukaa na padri kwa mahojiano. Kila mmoja huhojiwa peke yake. Swali la watoto ndilo linalowatoa jasho wale ambao mmoja ana uhakika na mwenzake anasitasita.

Tuwachukue wachumba wa kubuni. Binti anataka mtoto mwaka wa kwanza. Kijana alikulia katika nyumba ya watoto tisa, akaacha shule ili wadogo zake wapate ada. Akiulizwa anajibu, "Padri, sijui bado."

Wengi hudhani jibu hilo linavunja harusi. Halivunji. Kanuni ya 1101 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema ndoa ni batili pale mtu anapolikataa, kwa tendo dhahiri la utashi, jambo la msingi la ndoa, na uzazi umo humo. Anayesitasita hajakataa kitu, hajaamua tu.

Kwa hiyo padri makini haishii hapo, anachimba: unaomba muda, au unamnyima mwenzako haki ya kuzaa? Kijana akisema wasubiri mpaka mavuno ya mahindi yamalize deni la mbolea, hiyo ni kuahirisha. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake wa mwaka 1968 kuhusu uzazi, aliruhusu wanandoa wenye sababu nzito kupanga uzazi kwa kufuata siku za mwanamke. Lakini kijana akisema, "Kama mtoto atakuwepo au la, nitaamua mimi mwenyewe," hapo pana shida, hata akilitamka kwa upole. Haki ya wawili ameiweka mfukoni mwake.

Wachache wanajua kwamba mwenye uhakika naye anaweza kuiharibu ndoa. Binti akiweka sharti kwamba ndoa ni ndoa endapo tu watapata mtoto, kanuni ya 1102 inasema ndoa yenye sharti la mambo yajayo haifungwi kihalali. Kutamani mtoto ni sawa. Sharti ni jambo jingine. Utasa nao, kwa kanuni ya 1084, haubatilishi ndoa.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Watoto hawatajwi katika maelezo hayo.

Nionavyo, jibu baya kuliko yote ni ile "ndiyo" ya kuwaridhisha wazazi waliokwisha kupokea mahari. Kesi ikifika mahakama ya Kanisa miaka mingi baadaye, kinachochunguzwa ni nia ya siku ya harusi, wala si mawazo yaliyobadilika baadaye. Wachumba, kama mmoja wenu hajui, semeni hivyo kabla ya tangazo la kwanza kusomwa kanisani.