Mkate Ukishatoka Kwenye Oveni

Saa kumi alfajiri, katika bekari nyingi za mitaani, kazi nzito imekwisha. Unga umekandwa, umeumuka, umeokwa, na mikate imepangwa kwenye rafu ipoe. Kilichobaki ni kukata silesi na kufunga. Kijana anachukua mfuko mpya wa nailoni. Midomo ya mfuko imegandana, basi anaupuliza ili ufunguke, anatumbukiza mkate, anafunga. Mfuko wa pili, pumzi nyingine. Hana nia mbaya. Ndivyo alivyomkuta mwenzake akifanya siku ya kwanza kazini, na mifuko iliyobaki bado inazidi mia mbili.

Kukikucha, ukurasa wa bekari kama hiyo kwenye Instagram unaweka video ya usiku uliopita. Unga unazunguka kwenye mashine, mlango wa oveni unafunguliwa, mkate unatoka na rangi ya asali. Inapendeza kuitazama. Lakini mama anayemnunulia mwanawe mkate wa kupeleka shule ana swali jingine kabisa: nani aliushika huu mkate, na mikono yake ilikuwaje?

Bekari zinazojua biashara zimeanza kulijibu swali hilo waziwazi. Zinaonyesha sura za wanaooka na wanaofunga, zinawataja majina, zinaonyesha sinki, sabuni na kofia za wavu za kuzuia nywele. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, mteja wa mtaa wa pili anaanza kusema “mkate wa akina fulani” badala ya kutaja chapa iliyo kwenye mfuko. Ikifanywa ovyo, kamera inamwonyesha yale ambayo asingeyaona maisha yake yote.

Ugumu uko katika kuchagua cha kuonyesha, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Karibu kila bekari hupiga picha za kukanda na kuoka, kwa sababu ndizo zenye mvuto. Kumbe kwa usafi hatua hizo ndizo zenye hatari ndogo zaidi. Mkate ulioiva sawasawa hufika nyuzi 93 hadi 98 za Selsiasi katikati yake, na vijidudu karibu vyote vya kawaida vilivyotoka mikononi wakati wa kukanda hufia humo. Mkate unatoka kwenye oveni ukiwa safi kuliko utakavyokuwa tena wakati wowote baadaye. Kila kitu kinachougusa kuanzia hapo kinabaki nao hadi mezani kwa mteja: kisu cha mashine ya silesi, kitambaa cha kufutia trei, kiganja, pumzi.

Kwa hiyo dakika zinazostahili kamera ni zile za baada ya oveni. Mtazamaji mwenye jicho hatazami moto. Anaangalia kama trei imewekwa sakafuni, kama anayefunga amevaa pete, kama kitambaa kinachofuta meza ndicho kinachofuta kisu. Anaangalia pia kama mkate umefungwa ungali na joto, na hilo halihitaji utaalamu kulitambua, kwani matone ya maji hujitokeza ndani ya mfuko. Mkate wa nusu kilo unahitaji saa mbili au zaidi kupoa katika hewa ya pwani. Ukifungwa kabla ya hapo, unyevu ule huwa shamba la ukungu, na siku ya tatu mteja anarudi dukani na mkate wenye madoa ya kijani. Video fupi ya mikate ikipoa kwenye rafu, na saa ya ukutani ikionekana nyuma yake, inaeleza jambo ambalo tangazo la maneno haliwezi kulieleza.

Glavu zinahitaji maelezo yake, kwa sababu watazamaji wanazipenda mno. Glavu iliyoshika simu, noti ya elfu kumi na kitasa cha mlango imechafuka kama mkono uliofanya hivyo, na aliyeivaa hahisi uchafu wake, kwa hiyo hakumbuki kunawa. Mkono mtupu ulionawishwa kwa sabuni na maji tiririka kwa sekunde 20 kisha ukakaushwa vizuri ni bora kuliko glavu moja iliyovaliwa usiku kucha. Ndiyo maana video ya kunawa isikatwe katikati. Sekunde 20 ni ndefu kwenye simu, lakini urefu huo ndio ushahidi wenyewe. Vipande vitatu vilivyounganishwa na kuwekewa muziki humfanya mtu ajiulize nini kimeondolewa.

Sasa tuje kwenye sura za watu. Wengi huamini kwamba sura hujenga imani kwa njia moja tu: mteja akimwona mpishi, anaridhika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Ryan Buell akiwa mmoja wao, walilijaribu wazo hilo katika mkahawa wa chuo kwa kutumia vishikwambi vyenye kamera. Siku nyingine wateja waliweza kuwaona wapishi, siku nyingine wapishi waliwaona wateja, siku nyingine pande zote zilionana, na siku nyingine hakuna aliyemwona mwenzake. Wateja walipowaona wapishi peke yao, kuridhika kwao na chakula hakukuongezeka. Wapishi walipowaona wateja, hata bila wateja kuwaona wapishi, kuridhika kulipanda kwa asilimia 10. Walipoonana wote, kulipanda kwa asilimia 17.3, na huduma ikawa na kasi zaidi kwa asilimia 13.2.

Matokeo hayo yanageuza hesabu nzima. Wapishi walipoona watu wanaowapikia, kazi yao yenyewe ilibadilika, na mteja akaila tofauti hiyo kwenye sahani. Bekari inayoweka sura za wafanyakazi mtandaoni kisha simu ikabaki mfukoni mwa mwenye mali imefanya nusu ya kazi, tena ile nusu ambayo katika jaribio hilo haikuzaa kitu. Maoni ya wateja, picha za watoto wakinywa chai na mkate, hata malalamiko, yanapaswa kumfikia yule kijana anayefunga mifuko alfajiri. Yeye ndiye anayehitaji kujua kwamba mfuko anaoupuliza unafunguliwa na mtu.

Tuseme bekari ina watu saba na inaoka magunia mawili ya unga ya kilo 50 kila usiku, sawa na mikate ya nusu kilo isiyopungua mia mbili na tisini. Haihitaji mpiga picha wa kukodi. Inahitaji mtu mmoja ambaye usiku huo hashiki chakula, kwa sababu simu ni miongoni mwa vitu vichafu kabisa vinavyoweza kuingia jikoni. Mfungaji akijipiga picha mwenyewe, video yake ya usafi imeshauvunja usafi. Simu isimamishwe kwenye kigoda chake mbali kidogo na meza ya kufungia, kimo cha kifua, mikono na uso vionekane pamoja. Halafu iachwe. Wiki ya kwanza watu watajikaza mbele yake. Wiki ya tatu watakuwa wameisahau, na hapo ndipo picha zinaanza kuwa za kweli.

Kabla ya yote hayo, waulizwe. Sura ya mfanyakazi si mali ya bekari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hazikuandikwa kwa ajili ya makampuni makubwa peke yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mtu aliyekwenda kustarehe bila idhini yake. Idhini iandikwe, hata iwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, ikieleza picha zitawekwa wapi na zitaondolewa lini mtu akiacha kazi. Na asiyetaka aachwe bila kununiwa. Yuko dada asiyependa ndugu zake wajue anafanya kazi za usiku, yuko mzee asiyetaka tu. Mikono yao inatosha kuonekana.

Cheti cha afya nacho kina adabu yake. Nchini Kenya anayeshika chakula hupimwa na kupewa cheti upya kila miezi sita, na ni vizuri wateja wauone ubaoni. Kinachopaswa kuonekana ni tarehe. Namba ya kitambulisho na majibu ya vipimo yafunikwe. Aliyeharisha asirudi jikoni mpaka saa 48 zipite tangu dalili zilipokoma, na sababu ya kutokuwepo kwake isitangazwe. Wateja waliomzoea watauliza Salma wetu yuko wapi. “Amepumzika” ni jibu tosha.

Kuna mambo ambayo kamera haiyaoni hata ikiwa ya bei gani. Bakteria aitwaye stafilokokasi anaishi puani mwa takribani mtu mmoja kati ya watatu, watu wazima wa afya wasio na dalili yoyote. Akiangukia kwenye mkate mkavu hapati pa kuzaliana. Akiangukia kwenye keki ya krimu iliyoachwa kwenye joto la Dar es Salaam mchana kutwa, huzaliana na kuacha sumu ambayo hata moto wa kupikia hauiondoi, na keki itaonekana na kunukia vilevile. Video ya keki inayong’aa haimwambii mteja lolote kuhusu hilo. Picha ya kipimajoto ndani ya friji, kikisoma nyuzi 5 au chini yake, asubuhi na jioni, inamwambia. Na bwana afya akija kukagua, asikwe uso kwa uso na wafanyakazi kama siku zote. Ukurasa wenye wafuasi elfu ishirini si kibali cha kumkwepa.

Tuirudie ile bekari ya watu saba. Video ya Jumanne inawekwa, na saa tano asubuhi mteja anaandika: “Kazi nzuri, ila huyo kaka wa kushoto mbona ana pete yenye kito?” Mwenye bekari anaweza kuifuta hoja hiyo kwa kidole kimoja, na wapo wanaofanya hivyo. Wengine waliokuwa wameiona watajua imefutwa. Anaweza pia kuijibu hapohapo, kwamba ni kweli, unga hujificha chini ya kito na hautoki kwa kunawa, kisha usiku ule akaisoma kwa sauti mbele ya wote, pamoja na salamu za wateja wengine.

Jumatano alfajiri kamera iko palepale. Ukutani kando ya sinki kumegongewa msumari, na juu yake inaning’inia kopo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Yule kaka wa kushoto anavua pete, anaitia humo, anafungua bomba. Meza ya kufungia ina kitu kipya pia: pasi ya hewa, feni ndogo iliyoelekezwa kwenye rundo la mifuko, inayoifungua mmoja mmoja bila kuguswa na mdomo wa mtu.