Simu ikigeuka Kichina

Mtoto amechezea simu, na sasa menyu nzima ni Kichina. Maandishi yamebadilika, lakini alama na mpangilio wake viko palepale.

Kwenye simu nyingi za Android, fungua alama ya gurudumu lenye meno: ndiyo mipangilio. Kwenye baadhi ya simu hizo, shuka hadi karibu na mwisho, utafute herufi "i" ndani ya duara, kisha alama ya tufe la dunia. Hapo ndipo penye lugha.

Gusa alama ya kujumlisha. Kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe, hivyo Kiswahili kitasomeka "Kiswahili". Kichague, kisha kiburute hadi juu kabisa ya orodha kwa kushika mistari iliyo pembeni yake.

Ikiwa ni Kiarabu, tafuta alama upande wa kulia.