Valvu ya Chuma au ya Tishu?

Valvu ya moyo ni mlango unaopitisha damu upande mmoja tu. Kwa vijana wa Afrika Mashariki, kinachoiharibu zaidi ni homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Isiporekebishika, hubadilishwa kwa upasuaji, ambao nchini Tanzania hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Valvu bandia ni za aina mbili. Ile iitwayo ya chuma hufunguka na kufungika kwa vipande vya kaboni ngumu, na yaweza kudumu maisha yote. Lakini damu huelekea kuganda juu yake, hivyo mgonjwa hunywa warfarini kila siku hadi mwisho wa uhai. Ya tishu hutengenezwa kwa valvu ya nguruwe au utando wa moyo wa ng'ombe. Warfarini huhitajika miezi 3 hadi 6 tu, ikiwa mapigo ya moyo yako sawa, lakini valvu yenyewe huchakaa.

Chukulia mwanamke wa Matai mwenye miaka 24, ambaye valvu yake ya kati ya vyumba vya kushoto vya moyo imeharibika, naye anataka kuzaa. Akiwekewa ya chuma, kipimo cha damu cha INR kinapaswa kukaa kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, damu huganda: mlio wa valvu hufifia, pumzi hubana ghafla, au upande mmoja wa mwili hupooza. Kikipanda, fizi hutoka damu na choo huwa cheusi. Hata dawa ya kifua kikuu, rifampisini, hukishusha. Kwa hiyo lazima apate mahali pa kupima mara kwa mara, hata ikibidi kusafiri hadi Sumbawanga.

Akipata mimba, warfarini hupita kwenye kondo. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 yaweza kuharibu pua na mifupa ya mtoto, hasa dozi ikizidi miligramu 5 kwa siku. Sindano za heparini hazivuki kondo, ila humkinga mama kwa uhakika mdogo zaidi, na dozi yake huhitaji vipimo vya karibu. Kuacha dawa kiholela ni hatari kuliko zote.

Ya tishu humwezesha kuzaa bila warfarini. Gharama yake huja baadaye: katika mwili wa kijana huingiwa na chokaa mapema, mara nyingi ndani ya miaka 10 hadi 15, na upasuaji wa pili una hatari zaidi. Mapigo ya moyo yakiwa yamevurugika, warfarini itahitajika hata hivyo, na faida hiyo hupungua.

Asiyepanga kuzaa, mwenye umri chini ya miaka 50 na anayeweza kupimwa damu, kwa kawaida hushauriwa ya chuma. Aliyevuka 65 hupewa ya tishu, kwa kuwa kwake huchakaa polepole.