Barua ya Mhandisi wa Saiti Picha za Ujenzi Zinapopotea

Mhandisi wa saiti akipoteza picha za maendeleo ya ujenzi, barua anayomwandikia mwenye nyumba huwa na uzito zaidi kwa vile vilivyokwisha kufunikwa. Kuta na bati bado vinaonekana, na vinaweza kupigwa picha upya hata kesho. Nondo zilizo ndani ya zege hazionekani tena.

Ndiyo maana sentensi kama "msingi umekamilika vizuri" haimsaidii mtu aliye mbali. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, barua inayofaa husomeka hivi: "Mtaro ulichimbwa upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1, hadi kwenye udongo mgumu. Chini tulimwaga zege la usafi la sentimita 5. Mkanda wa msingi una nondo 4 za milimita 12, mbili juu na mbili chini, zilizofungwa kwa pete za milimita 8 kila baada ya sentimita 20. Palipoungwa, nondo zimepishana sentimita 60." Mwenye nyumba anaweza kuyalinganisha maneno hayo na mchoro, mstari kwa mstari.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni nafasi kati ya nondo na uso wa zege. Nondo ikilala moja kwa moja juu ya udongo, unyevu huifikia, kutu huivimbisha na zege hupasuka. Kwa hiyo barua itaje kwamba nondo ziliinuliwa kwa vipande vidogo vya zege, na unene wake.

Jamvi huelezwa kuanzia chini: kifusi kilichoshindiliwa kwa matabaka, mawe, nailoni ya kuzuia unyevu, kisha zege na siku lililomwagiliwa maji, angalau saba. Kuta hazihitaji maelezo marefu. Inatosha kutaja aina ya tofali, kimo na mahali linta ilipofika.

Barua pekee ni kauli ya upande mmoja, kwa hiyo huambatanishwa na karatasi zilizoandikwa siku ileile ya kazi: daftari la saiti, hati za kupokea nondo na saruji, na majibu ya maabara ya vipande vya zege vilivyopondwa siku ya 7 na ya 28. Zege la daraja 25, siku ya 7, kwa kawaida hufikia takribani theluthi mbili za nguvu zake. Likiwa chini sana ya hapo, kuna la kuuliza. Tarehe za daftari zikigongana na za hati, mfano zege kumwagwa kabla saruji haijafika, barua haiaminiki.

Kisichopimwa kiandikwe kuwa hakikupimwa. Mwenye nyumba akibaki na shaka, kipo kifaa kinachotambua nondo na kina chake bila kubomoa, ingawa hakifiki kwenye msingi uliofukiwa. Hapo hufukuliwa shimo dogo kando ya mkanda, gharama ikiwa imekubaliwa kabla.