Tomati ya mvua: pari yenye kupoteza mara sita, na faida iko

Ndugu wanamemba, kulima tomati wakati wa mvua nyingi za sezoni B ni pari. Mildiu ikiingia, majani inatoka madoa ya kahawia, chini ya jani unaona unga mweupe, na kisha siku chache shamba yote imeungua. Lakini ni wakati ule ule tomati inakuwa haba sokoni na bei inapanda. Basi ulizo si "nitapoteza ao nitapata?" Ulizo ni: kama ningerudilia pari hii mara nyingi, kila mara ingeniachia ngapi?

Tutumie hesabu ya mfano. Kila mmoja ataweka bei za kwake. Mkulima analima ari mbili. Mbegu, vijiti, dawa na kazi ya mikono vinamugharimu 200 000 F. Mildiu ikikamata shamba, hachume kitu, makuta yote 200 000 F imekwenda. Sezoni ikiwa nzuri, anachuma basini 35, anauzisha kila moja 20 000 F. Anaingiza 700 000 F. Tunatosha gharama, inabaki 500 000 F. (Wengi wanasahau kutosha gharama, wanahesabu 700 000 kama faida. Hapo hesabu yote inaharibika.)

Sasa tuseme katika sezoni kumi za mvua, anapoteza mara sita na anapata mara ine. Zile ine zinaleta 4 × 500 000 = 2 000 000 F. Zile sita zinabeba 6 × 200 000 = 1 200 000 F. Inabaki 800 000 F. Ukigawanya kwa kumi, ni 80 000 F kwa kila sezoni. Hiyo ndiyo samani ya pari moja. Hakuna sezoni hata moja utakayoshika hiyo 80 000 F mukononi: utashika 500 000, ao utapoteza 200 000. Lakini ni hiyo inakuonyesha kama pari inaelekea kwako ao inaelekea kukukamua.

Hesabu ni ile ile kwa tikiti ya mupira ya vijana wetu. Tikiti ya 1 000 F inalipa 4 500 F, ni kusema faida ya 3 500 F. Kama inapita mara mbili tu katika kumi: 7 000 F inaingia, 8 000 F inatoka. Kila tikiti inakula 100 F. Tomati na tikiti zote mbili zinapoteza mara nyingi; kinachozitenganisha ni ukubwa wa ile faida ya siku ya kupata, ukiupima na wingi wa siku za kupoteza.

Mupaka wa tomati yetu uko wapi? Gawanya 200 000 kwa 700 000: unapata mbili juu ya saba. Ni kusema, katika sezoni saba, mbili lazima ziwe nzuri ili usipoteze. Kwa sezoni nzuri tatu katika kumi, inabaki 10 000 F kila mara, kidogo sana. Kwa mbili katika kumi, unapoteza 60 000 F kila mara. Kwa hiyo ile "mara ine katika kumi" haifai kutoka kichwani kwa mtu mwenye anakumbuka tu mwaka ule alijaza basini. Muulize na wale walioungulisha shamba. Hao hawapendi kusema.

Kuna kitu kingine chenye kuvunja hesabu. Mwaka mvua imekuwa nzuri kwako, imekuwa nzuri kwa jirani pia. Koperative yote ikilima tomati, bei inashuka. Basini ikifika 14 000 F, faida ya sezoni nzuri inakuwa 290 000 F. Mara ine ni 1 160 000 F, na hasara ni ile ile 1 200 000 F. Mildiu haikuongezeka hata kidogo, lakini pari imegeuka ya kupoteza. Na mildiu ikija, inakamata wote pamoja, hivi kusaidiana kati ya jirani wenye kulima tomati tupu hakutasaidia kitu.

Tena, hata pari nzuri inaweza kukumaliza mbele ya kukulipa. Kwa mfano wetu, kupoteza sezoni tatu za kufuatana kunafika karibu mara moja katika tano. Ni 600 000 F. Mwenye kutia makuta ya mbegu ya maharagi ao ya masomo ya watoto, ao mwenye kukopa, atatoka kwenye pari kabla sezoni nzuri haijafika. Anayeweza kubeba hasara tatu alime ari mbili. Anayeweza kubeba moja na nusu alime ari moja, maana gharama na faida vinapungua pamoja.

Sezoni hii, kila kikundi kiandike katika kaye moja: ari ngapi zimelimwa, makuta iliyotoka, basini zilizochumwa, bei ya siku ya kuuzisha, na shamba zilizoungua. Hizi za mwisho zisikose.